Nimepewa kapsuli za wiki sita kwa ajili ya brusela, homa imeisha siku ya tano. Je, niendelee?

Ndugu Mfamasia, shikamoo.

Mimi ni mfugaji wa Simanjiro, umri miaka 38. Nilihangaika na homa za jioni, jasho la usiku na maumivu ya kiuno kwa zaidi ya mwezi, nikidhani ni malaria. Kituo cha afya walinipima wakasema nina brusela. Nikachomwa sindano ya jentamaisini kila siku kwa siku saba, zimeisha. Pia nimeandikiwa doksisaiklini miligramu 100, bahasha imeandikwa 1 × 2, kwa wiki sita. Wamenipa kapsuli 28 kwanza, nikaambiwa nirudi kuchukua nyingine. Nilianza Jumatatu jioni. Leo ni Jumatano ya wiki ya pili, nimeshameza ya asubuhi na kwenye bahasha zimebaki 12.

Homa ilikata siku ya tano na nguvu zimerudi. Shida ni kwamba tangu juzi nikimeza ugali au hata mate kuna kitu kinachoma katikati ya kifua. Ya usiku huwa nameza nikiwa nimeshalala, kwa funda moja la maji. Ya asubuhi nameza na chai ya maziwa, maana kwetu maziwa ndiyo chakula. Kwa huo moto wa kifua nimeanza kutafuna vidonge vya magnesiamu.

Naomba kujua: dawa za wiki sita si zitaniharibia figo? Naweza kuacha kwa kuwa nimepona? Na mke wangu ana ujauzito wa miezi mitano, naye analalamika kiuno, nimgawie hizi?

Mfugaji, Simanjiro

MAJIBU

Marahaba, ndugu yangu. Naanza na kifua, kwa sababu hicho hakingoji.

Kapsuli ya doksi ina ganda linalolainika na kuwa kama gundi likipata unyevu. Ukiimeza kwa funda moja kisha ukajilaza, haifiki tumboni. Inanata kwenye umio, yaani njia ya chakula, mara nyingi usawa wa katikati ya kifua, na ganda likishapasuka dawa inamwagika pale pale. Doksi ikiyeyuka ni tindikali kali, na ngozi laini ya umio haina kinga dhidi yake kama lilivyo tumbo. Inaungua na kufanya kidonda. Dalili ndizo ulizoandika: maumivu yanayoanza ghafla siku chache baada ya kuanza dawa, yanayochoma wakati wa kumeza, na hisia kwamba kuna kitu kimekwama hata kama hakipo. Kiungulia cha kawaida huchoma zaidi baada ya kula au ukiinama. Hiki chako huchoma chakula kinapopita.

Kwa hiyo nenda kituoni leo au kesho asubuhi, usingoje siku ya kuchukua dawa. Kabla hujafika, jaribu maji. Kama maji ya uvuguvugu yanapita bila maumivu makali, meza kapsuli inayofuata kwa njia nitakayoeleza hapa chini. Kama hata maji yanachoma, usisukumize kapsuli nyingine juu ya kidonda. Subiri uonwe siku hiyo hiyo. Ukitapika damu, ukipata choo cheusi kama lami, au ukashindwa kumeza hata mate, hiyo ni dharura, usiku huo huo uende hospitali. Vidonda vya namna hii kwa kawaida hupona ndani ya siku chache hadi wiki mbili mradi visiunguzwe tena. Mganga anaweza kukupa omeprazoli ya kupunguza asidi, au kukubadilishia kapsuli na doksi ya kuyeyusha kwenye maji pale inapopatikana. Usifungue kapsuli mwenyewe na kumeza unga. Unga huo ndio unaounguza.

Namna ya kumeza ni hii. Simama, au kaa wima. Kunywa kwanza mafunda mawili ya maji ili koo lilowe. Weka kapsuli ulimini, chukua funda kubwa la maji, kisha inamisha kidevu kidogo kuelekea kifuani ndipo umeze. Wengi hurudisha kichwa nyuma, lakini kapsuli ni nyepesi, huelea juu ya maji, na ukirudisha kichwa nyuma inabaki mbele mdomoni wakati maji yameshapita. Ikishashuka, malizia kikombe kikubwa kizima cha maji, yaani robo lita. Baada ya hapo usilale kwa muda usiopungua nusu saa, na kwako wewe mwenye kidonda tayari ningesema saa nzima. Tembea, kaa, chunga, fanya lolote lakini usijilaze.

Hii ina maana kwamba dozi ya usiku si dozi ya kitandani. Bahasha ikiandikwa 1 × 2 maana yake ni kapsuli moja, mara mbili kwa siku, na kati ya moja na nyingine zipite saa kama 12. Haijaandikwa popote kwamba ya pili iambatane na usingizi. Imeze na chakula cha jioni, saa moja usiku, ukiwa bado una saa mbili za kukaa na kuzungumza na watu wa nyumbani. Chakula pia kinapunguza kichefuchefu, ambacho ndicho kinachowafanya wengi waikimbie doksi.

Sasa maziwa, na hapa kuna mambo mawili tofauti ambayo watu huyachanganya.

La kwanza ni dawa yenyewe. Maziwa yana kalisi, na kalisi huikamata doksi tumboni ikawa kitu ambacho mwili hauwezi kukifyonza. Kinapita moja kwa moja hadi chooni. Kwa doksi upotevu huo si mkubwa kama ulivyo kwa tetrasaiklini ya zamani. Ukiimeza na maziwa unapoteza kama moja ya tano ya dawa. Si kwamba siku tisa ulizomeza na chai ya maziwa zimekwenda bure. Lakini kwa ugonjwa huu sitaki upoteze hata hiyo moja ya tano, mara mbili kwa siku, kwa wiki sita. Huna haja ya kuacha maziwa. Yatenganishe tu na dawa kwa saa mbili kila upande.

Kwa siku ya mfugaji inaweza kwenda hivi. Saa moja asubuhi unakula kiporo au mkate na chai ya rangi, unameza kapsuli kwa maji. Kuanzia saa tatu asubuhi kunywa maziwa yako utakavyo. Unaweza kuendelea nayo mchana kutwa hadi saa kumi na moja jioni. Saa moja usiku ugali na mboga isiyoungwa kwa maziwa, kapsuli, kikombe kizima cha maji, na hulali kabla ya saa mbili, ikiwezekana saa tatu. Chai ya maziwa ya mwisho kabla ya kulala, kama umeizoea, iwe saa tatu.

Kilicho kibaya zaidi kuliko maziwa ni hivyo vidonge vya magnesiamu. Magnesi na alumini zilizomo kwenye dawa nyingi za kutuliza asidi huikamata doksi kwa nguvu kuliko kalisi ya maziwa, na wewe umekuwa ukizitafuna kwa sababu ya moto ambao doksi yenyewe imeuleta. Dawa moja inafuta nyingine, huku kidonda kiko pale pale. Viache. Siku ukilazimika, viwe saa tatu mbali na kapsuli. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma ni vibaya zaidi, kwa sababu doksi iliyoingia mwilini hurudi tena kwenye utumbo kupitia nyongo, na chuma huikamata huko hata kama umeitenganisha kwa saa kadhaa. Mtu anayemeza vidonge vya damu amwambie mganga kabla ya kuanza doksi, waamue kama visimamishwe kwanza. Na anayetumia dawa za kifafa kama fenobabitali, kabamazepini au fenitoini, au rifampisini ya TB, aseme pia, maana hizo hulifanya ini liimalize doksi upesi.

Jambo la pili kuhusu maziwa ni ugonjwa wenyewe. Vijidudu vya brusela huingia kwa maziwa mabichi, na kwa kugusa kwa mikono mitupu kondo la nyuma, ndama au mwanambuzi aliyetupwa kabla ya siku zake. Ukimaliza wiki sita huku unakunywa maziwa ya zizi lile lile bila kuchemsha, unaweza kuambukizwa upya na utasema dawa haikufanya kazi. Yachemshe hadi yafurike juu, koroga, kisha yapoe. Kuyagandisha hakutoshi, mtindi wa maziwa mabichi bado unaweza kubeba vijidudu. Ukitaka mtindi, chemsha kwanza ndipo ugandishe.

Unauliza kama uache kwa kuwa homa imekwisha. Usiache, na sababu yake naomba uielewe vizuri kwa sababu wagonjwa wengi wa brusela hurudia ugonjwa kwa kukosea hapa hapa. Kijidudu hiki hakikai kwenye damu peke yake. Kikishamezwa na chembe nyeupe za damu, zile zinazopaswa kukiua, hujificha ndani yake na kuzaliana humo. Chembe hizo zinakibeba hadi kwenye ini, bandama, uboho wa mifupa na viungo, ndiyo maana kiuno kiliuma. Jentamaisini ya sindano ina nguvu kwa vijidudu vilivyo nje ya chembe lakini hupenya ndani kwa shida. Doksi inapenya. Homa hukata mapema kwa sababu vile vya nje vimeuawa. Vya ndani vinatolewa polepole, kwa wiki, na ndiyo maana dozi fupi zilipojaribiwa watu wengi zaidi walirudiwa na ugonjwa. Kurudi huko mara nyingi hutokea ndani ya miezi sita ya kwanza, na huweza kukaa kwenye mifupa ya mgongo, ambapo matibabu huwa ya miezi.

Tuhesabu bahasha yako, maana inasema kitu ambacho barua yako haikusema. Wiki sita ni siku 42, kapsuli mbili kila siku, jumla 84. Ulianza Jumatatu jioni kwa moja. Kuanzia Jumanne hadi Jumanne ya wiki ya pili ni siku nane, kapsuli 16. Jumatano asubuhi moja. Jumla 18, na ndani ya bahasha ya 28 zingebaki 10. Kwako zimebaki 12. Umeruka mara mbili, huenda siku ya mnada au siku uliyorudi umechoka.

Usizimeze mbili kwa pamoja ili kulipa. Dozi mbili kwa mkupuo hazirudishi kile kilichokosekana, zinaongeza kutapika na kuungua. Endelea na moja moja, na ukubali kwamba tarehe ya kumaliza imesogea mbele kwa siku moja. Kwa hesabu ya sasa, kama mganga hatabadilisha dawa, hizo 12 zitakwisha Jumanne ijayo asubuhi. Rudi kuchukua nyingine Jumatatu, si Jumanne jioni, kwa sababu kituo kinaweza kuwa kimeishiwa na ukalazimika kwenda duka la dawa. Bado kapsuli 56 hujapewa. Kama usingeruka hata moja, ungemaliza Jumatatu asubuhi ya wiki ya saba. Sasa ni Jumanne asubuhi. Andika siku hiyo kwenye bahasha kwa kalamu, na chini yake chora visanduku viwili kwa kila siku, uweke alama kila unapomeza. Ukikumbuka dozi uliyosahau mapema, imeze papo hapo. Ukikumbuka ikiwa imekaribia saa ya inayofuata, iache. Siku ya mnada funga kapsuli ya jioni kwenye kikaratasi kikavu, uibebe mfukoni pamoja na chupa ya maji.

Bahasha yenyewe usiiweke juu ya ukuta chini ya bati, wala kwenye boksi la pikipiki. Joto na unyevu huiharibu dawa, na dawa za ukoo huu zilizoharibika zimewahi kuumiza figo za watu. Hapo ndipo hofu ya figo inapokuwa na msingi: usimeze iliyopita muda wake, wala kapsuli zilizonata au kubadilika rangi. Doksi nzima iliyo ndani ya muda wake haina sifa ya kuharibu figo. Ni miongoni mwa antibayotiki ambazo hata wenye figo dhaifu mara nyingi hupewa bila kupunguziwa dozi. Iliyohitaji uangalizi wa figo ni jentamaisini uliyomaliza. Kama tangu zile sindano mkojo umepungua sana, masikio yanavuma au unayumba ukitembea, mwambie mganga utakapokwenda kuhusu kifua.

Kuna jambo moja la malisho. Doksi huifanya ngozi iungue na jua kwa urahisi, na rangi nyeusi haikuondolei hatari hiyo kabisa. Inaanza kama kuwashwa na kuchomwa mgongoni mwa mikono, puani na kwenye masikio, saa chache baada ya jua kali. Wengine hupata maumivu chini ya kucha, na kucha huanza kujitenga na nyama. Vaa mikono mirefu, kofia yenye ukingo mpana, na jifunike shuka hadi viganjani saa za jua kali, tangu saa nne hadi saa kumi. Ngozi ikitoa malengelenge, nenda kituoni.

Dalili nyingine zinazokutaka urudi bila kungoja ni chache: vipele vya mwili mzima au uso kuvimba, kuharisha maji mengi au kwa damu, na kichwa kuuma sana pamoja na macho kuona ukungu au kuona vitu viwili viwili. Kwa hii ya mwisho usimeze kapsuli nyingine hadi uonwe. Kichefuchefu kidogo na haja laini si sababu ya kuacha. Ukitapika ndani ya nusu saa na kapsuli ukaiona, tulia, kisha meza nyingine, na useme kituoni kwamba umetumia moja ya ziada ili hesabu ya 84 isipungue.

Kuhusu mama wa nyumbani, usimgawie hata moja. Doksi inayomezwa kuanzia katikati ya ujauzito hukaa kwenye meno na mifupa ya mtoto inayojengeka, na meno huja kutoka na madoa ya kahawia yasiyofutika. Watoto wa chini ya miaka minane nao wana dawa zao tofauti kwa ugonjwa huu. Lakini kiuno chake usikichukulie kuwa ni cha mimba tu. Anakunywa maziwa yale yale, na brusela kwa mjamzito inaweza kuharibu mimba. Mpeleke kliniki yake ya ujauzito wiki hii, aseme wazi kwamba mume wake ametibiwa brusela, apimwe. Zipo dawa nyingine anazoweza kupewa, na mganga ndiye atakayezichagua kulingana na miezi yake. Watoto wenye homa za kujirudia nao waende.

La mwisho ni kipimo. Ukishamaliza kapsuli zote utashawishika kwenda kupima kama umepona, na duka lolote lenye kipimo cha haraka litakupima. Kipimo hicho kinatafuta kinga ambazo mwili ulitengeneza dhidi ya kijidudu, na kinga hizo hubaki kwenye damu kwa miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka, hata kwa mtu aliyepona kabisa. Kikisoma chanya utauziwa dozi nyingine usiyoihitaji. Anayejua kama umepona ni mganga aliyekuandikia, kwa kuangalia homa, jasho la usiku, uzito na kiuno chako. Mwombe akupangie tarehe za kuonana baada ya kumaliza dawa, na tena miezi mitatu na miezi sita baadaye. Homa za jioni zikirudi katikati, nenda siku hiyo hiyo ukiwa na bahasha yenye visanduku vyako, aone ulivyomeza.